Gauni la Satini, Fandesheni na Beseni la Maji ya Kisima

Jumatatu baada ya wikiendi ya sendofu na harusi, kamba za kuanikia nguo kuanzia Mbagala hadi Tegeta hujaa magauni yanayong'aa. Yasogelee uyaangalie vizuri. Mengi yana utepe wa kahawia kuzunguka shingo, mahali fandesheni ilipoteremka na jasho, na alama nyekundu au ya waridi begani, kumbukumbu ya shangazi aliyemkumbatia mvaaji kwa furaha. Mengine yana alama ya tatu, ambayo haikutoka ukumbini: kiraka kilichofifia, kisichong'aa tena, chenye vinyuzi vidogo vilivyosimama kama vumbi. Madoa mawili ya kwanza kwa kawaida hutoka. Hilo la tatu halitoki, na limepatikana kwenye beseni, mikononi mwa mtu aliyekuwa na nia njema kabisa ya kuliokoa gauni.

Hoja yangu ni hiyo. Magauni mengi ya satini na hariri katika mitaa ya Kinondoni na Temeke huharibiwa na ufuaji, kwa sababu tunayafua jinsi tunavyofua kanga: tunayaloweka kwanza, tunayapaka sabuni ya kipande, kisha tunafikicha palipo na doa mpaka povu litoke. Kwa kanga, utaratibu huo ni sahihi. Pamba hupata nguvu zaidi ikilowa, na mwanamke aliyefundwa kufua vizuri ameufuata tangu utotoni. Kwa satini yenye vipodozi, kila hatua kati ya hizo tatu inakwenda kinyume na inavyotakiwa. Ili kuona kwa nini, tuanze na doa lenyewe.

Fandesheni ni rangi ya udongo iliyochanganywa na mafuta. Rangi yake hutokana na oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, zikichanganywa na unga mweupe wa oksidi ya titani, ule ule unaotiwa kwenye rangi ya ukuta. Fandesheni ya ngozi nyeusi au ya maji ya kunde huwa na oksidi za chuma nyingi zaidi na unga mweupe kidogo, ndiyo maana doa lake kwenye gauni la rangi mpauko huonekana kali. Chembe hizo hubebwa na mafuta au silikoni, na fandesheni nyingi zinazotangazwa kuwa zinahimili joto na jasho ni za silikoni. Ukisoma maandishi madogo mgongoni mwa chupa ukakuta majina yanayoishia na "-cone" au "-siloxane" karibu na mwanzo wa orodha, basi unashughulika na kitu kilichotengenezwa makusudi kisishindwe na maji.

Lipstiki ni ndugu yake, ila imejaa nta. Ile ya kawaida ya kijiti ni nta ya nyuki na nta za mimea, mafuta ya mbarika na rangi. Ile ya maji inayokauka na kung'ang'ania midomo kutwa nzima ina kitu cha ziada, utando mwembamba kama plastiki unaobaki baada ya kimiminika chake kuvukiza. Hiyo ndiyo inayowatesa watu, na nitairudia.

Kwa hiyo doa lina sehemu mbili, kibebaji chenye mafuta na rangi iliyomo ndani yake. Ukianza na maji, unalowesha kitambaa pande zote za doa huku doa lenyewe likiwa limejifunika mafuta yake. Ukitumia maji ya moto ukidhani yatayeyusha nta, ujue nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na baadhi ya nta za mimea huvuka 80. Maji ya joto hilo yanaunguza mkono, yanakunja hariri, na nta ikishayeyuka haipotei, inasambaa na kuzama. Ukitia jiki ndiyo umekwama kabisa. Jiki hupausha rangi kwa kuioksidisha, nayo oksidi ya chuma imekwisha kuoksidishwa, ni kutu. Hakuna la kuipausha. Kitakachopauka ni rangi ya gauni, na fandesheni itabaki palepale ikionekana vizuri zaidi. Limau na chumvi, dawa ya bibi zetu ya kutu kwenye kanzu nyeupe, nayo inakwama hapa, kwa kuwa chembe za fandesheni zimekingwa na mafuta yake, na asidi ya limau itaigusa rangi ya gauni kabla haijaifikia kutu.

Kinachofanya kazi ni kuachanisha mafuta na kitambaa wakati kitambaa bado kikavu. Mafuta yakiondoka, rangi haina cha kuishikilia.

Satini ipi?

Watu wengi hawaulizi swali hili, na hapa ndipo pa kuliuliza. Satini ni namna ya kufuma. Uzi mmoja huruka juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama chini ya mmoja, hivyo uso wa kitambaa huwa umejaa nyuzi ndefu zilizolala bila kubanwa. Mwanga ukiangukia nyuzi hizo unarudi kwa pamoja, ndipo tunapopata ule mng'ao. Uzuri na udhaifu vimekaa mahali pamoja, maana uzi uliolala wazi hukatika na kuchomoka ukifikichwa. Kile kiraka kilichofifia nilichokitaja mwanzo ni nyuzi zilizovurugika. Hakuna sabuni wala pasi itakayozilaza tena.

Nyuzi zenyewe zinaweza kuwa za kitu chochote. Satini nyingi inayouzwa kwa mita Kariakoo ni poliesta, hata muuzaji anapoiita hariri. Hariri halisi huja zaidi kwenye mitumba, au kwenye zawadi kutoka Muskati na Dubai. Kuna pia asetati, inayopatikana sana kwenye bitana na kwenye magauni ya zamani ya mitumba, na viskosi. Gauni la mtumba mara nyingi lina lebo, na hata lugha ikiwa ngeni, michoro inasomeka: beseni lenye mkono maana yake fua kwa mkono, beseni lililokatwa msalaba usilitie majini, pembetatu iliyokatwa jiki marufuku, duara lenye herufi P au F ndani yake ni kazi ya drai klina. Gauni lililoshonwa na fundi wa mtaani halina lebo yoyote. Hapo inabidi uulize moto.

Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka sehemu ya ziada ndani ya pindo au mshono. Zishike kwa kibanio cha nyusi juu ya sahani, mbali na gauni, uziwashe kwa kiberiti. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu kisichosagika kwa kucha. Hariri huungua polepole kwa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalovunjika kwa vidole. Asetati huyeyuka na kuungua huku ikinuka siki. Viskosi huungua haraka kama karatasi. Kazi yote haizidi dakika mbili, na majibu yake yanaamua utakachofanya baadaye, kwani asetoni ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha asetati papo hapo na kuacha tundu, sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula protini, na hariri ni protini.

Maji unayofulia

Mtu wa Masaki hana haja ya kusoma sehemu hii kwa makini kama mtu wa Mbagala au Kigamboni. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, yakisafishwa Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Ni maji laini kiasi, povu linakuja bila shida. Lakini nyumba nyingi za pembezoni, hasa upande wa Temeke, huishi kwa kisima, chake au cha jirani anayeuza kwa dumu. Mji umekaa juu ya mchanga na chokaa karibu na bahari, na visima vingi vina chumvi, vingine vina chokaa, vingine vina vyote viwili.

Sabuni ya kipande imetengenezwa kwa mafuta na magadi. Ikikutana na kalisi na magnesi za maji ya kisima, haitoi povu mpaka kwanza igande na kuwa utando mweupe unaonata. Utando huo ndio unaokaa kwenye kuta za beseni. Kwenye pamba nyeupe unaweza usiuone. Kwenye satini unaingia katikati ya nyuzi zilizolala na kuua mng'ao wa gauni zima, hata sehemu ambazo hazikuwa na doa. Wengi wanadhani gauni limechakaa, kumbe limefunikwa. Na chumvi ikikauka kwenye kitambaa huacha mistari myeupe yenye mawimbi, hasa kwenye pindo ambako maji hukusanyika mwisho.

Jawabu lake ni rahisi na halina gharama kubwa. Sabuni ya maji ya vyombo haigandi na chokaa kama ya kipande, kwa hiyo itumie hiyo. Na kama una dumu moja tu la lita 20 la maji ya bomba au ya mvua, usilimalize kwenye kufua. Fulia maji ya kisima ikibidi, weka yale mazuri kwa kusuuza mara mbili za mwisho. Maji ya mwisho ndiyo yanayokauka ndani ya nguo.

Gauni la Tandika

Nichukue gauni moja nililolishuhudia likifuliwa kwa jirani yangu wa Tandika, maana maelezo ya jumla hayatoshi. Lilikuwa refu, la satini ya rangi ile mafundi wanayoiita shampeni, limeshonwa na fundi kwa ajili ya sendofu ya Jumamosi usiku. Fandesheni ilikuwa shingoni kwa ndani na nje, upana wa vidole viwili. Lipstiki nyekundu iliyokoza, ile ya maji inayokauka, ilikuwa begani, ukubwa wa shilingi mia. Ukumbini mtu alishajaribu kumsaidia kwa tishu iliyoloweshwa maji ya kunywa, kwa hiyo lile doa la bega lilikuwa na mkia wa waridi kuelekea kwapani na vipande vya tishu vilivyonata. Tuseme hapa hapa: ukumbini usilowanishe. Bonyeza tishu kavu, inue, bonyeza nyingine, halafu acha. Ukiwa na poda ya mtoto, nyunyiza juu ya fandesheni mbichi inyonye mafuta kwa nusu saa hivi, kisha ukung'ute. Usifute.

Nyuzi za pindo ziliyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Poliesta. Habari njema, kwa sababu poliesta inastahimili sabuni na spiriti kuliko hariri. Habari mbaya ni kwamba poliesta hupenda mafuta na huyang'ang'ania, hivyo fandesheni ikikaa wiki nzima kwenye kapu la nguo chafu hukolea. Jirani yangu alianza kuishughulikia Jumapili asubuhi, na hilo lilimsaidia kuliko kitu kingine chochote.

Kwanza alijaribu mahali pa siri. Alilowesha kijiti cha pamba kwa sabuni ya vyombo, akabonyeza ndani ya pindo, akasubiri dakika chache, akaangalia kama pamba imebeba rangi. Akarudia kwa spiriti. Pamba ilibaki nyeupe mara zote mbili. Gauni likichuja rangi kwenye jaribio hili, safari inaishia hapo, lipeleke kwa mtaalamu.

Alianza na fandesheni. Alitandika taulo mezani, juu yake shuka jeupe la zamani lililokunjwa. Kanga haifai kwa kazi hii, inaweza kuchuja na kuleta doa jipya. Akalaza shingo ya gauni kifudifudi, doa likitazama chini kwenye shuka. Akadondosha matone ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi kali, bila maji, nyuma ya doa, akaibonyeza kwa ncha ya kidole mpaka ikaingia. Neno ni kubonyeza. Kidole kinashuka na kupanda, hakitembei. Akaiacha dakika 10. Kisha akamimina maji kidogo kidogo kwa kopo kutoka nyuma ili doa litoke kwa njia iliyoingilia, badala ya kusukumwa lipite kitambaa kizima. Shuka lilibeba rangi ya chai ya maziwa. Akasogeza sehemu safi ya shuka, akarudia. Raundi ya pili ilitoa rangi nyepesi ya mchanga, na ya tatu haikutoa kitu.

Unajuaje kama mafuta yameisha wakati kitambaa kimelowa na hakionyeshi kitu? Kausha sehemu hiyo kwa kuibonyeza na taulo, iache ipigwe na hewa, kisha iangalie dirishani ukiielekeza kwenye mwanga wa mchana. Mafuta yaliyobaki huonekana kama kivuli cheusi kidogo. Njia nyingine ni tone la maji: dondosha moja palipokuwa na doa na jingine pembeni pasipo na doa. Likisimama kama kidonge upande mmoja na kusambaa upande mwingine, bado kuna mafuta au silikoni.

Bega ndilo lililomchosha. Lipstiki ya kijiti ingekwanguliwa kwanza kwa mgongo wa kijiko ili kuondoa nta ya juu, lakini hii ilikuwa imekauka na kushika. Alianza na spiriti ya dawa kwenye kijiti cha pamba, kutoka nyuma, dirisha likiwa wazi na jiko la mkaa likiwa nje, maana spiriti hushika moto upesi. Ilitoa ule mkia wa waridi na kuacha doa lenyewe karibu kama lilivyokuwa. Ndipo alipochukua kile kimiminika cha kutolea vipodozi vya macho chenye tabaka mbili, mafuta juu na maji chini, akakitikisa, akalowesha pamba na kuiweka juu ya doa kwa dakika kadhaa bila kusugua. Utando wa lipstiki ya namna hii haujali maji wala spiriti, ila hulainishwa na mafuta mepesi yanayofanana na yale yaliyouyeyusha kiwandani. Ulipoanza kubanduka, alibonyeza kwa pamba kavu, akabadilisha pamba, akabonyeza tena. Vipande vidogo vyekundu viling'oka kama ngozi ya kidonda kilichopona. Baada ya hapo palibaki doa jipya la mafuta, lake mwenyewe, na hilo halikuwa tatizo. Sabuni ya vyombo ikalimaliza kwa njia ile ile ya shingo.

Hapo ndipo gauni zima likaingia majini, na lazima liingie zima. Ukisafisha kiraka kimoja tu, maji yatakauka na kuacha mstari kwenye mpaka wake. Beseni la lita 10 hivi za maji ya kawaida, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya vyombo kikorogwe mpaka kiyeyuke kabla nguo haijaingia, gauni ligeuzwe ndani nje. Hakuna haja ya kupasha maji moto Dar es Salaam, ya bomba yanatosha. Alilipandisha na kulishusha kwa dakika tano, akasuuza mara tatu, mbili za mwisho kwa maji ya dumu. Hakulikamua. Alilibonyeza ukingoni mwa beseni, akalitandaza juu ya taulo kavu, akaliviringisha kama jamvi na kuliminya kwa viganja, kisha akalitundika kwenye henga kivulini, upande wenye upepo.

Lilipokauka, ilibaki alama ya waridi begani, hafifu kiasi kwamba usingeiona usiku. Akarudia bega peke yake kwa sabuni, akasuuza gauni lote tena. Hakugusa pasi mpaka alipohakikisha. Joto la pasi hukaza mafuta yaliyobaki ndani ya poliesta, na baada ya hapo hata drai klina hupata taabu. Pasi ya mkaa inahitaji woga zaidi, kwa sababu haina kipimo cha joto. Ijaribu kwanza kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu, piga gauni kwa ndani, weka kitambaa chembamba katikati. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi, lakini hupata mng'ao wa kiplastiki na kuganda mapema zaidi ya hapo, na mng'ao huo ukishatokea umetokea.

Hariri halisi

Kama nyuzi zako zilinuka nywele, mambo hubadilika. Hariri ikilowa hupoteza karibu asilimia 15 hadi 20 ya nguvu yake, kwa hiyo hata kule kubonyeza kuwe kwa upole, na gauni lisikae majini zaidi ya dakika tano. Sabuni ya unga iache, na ya kipande pia, kwa sababu ya magadi yake. Shampuu isiyo na rangi inafaa zaidi, kwa kuwa imetengenezwa kwa nywele, nazo ni protini kama hariri. Kijiko kimoja cha chakula kwenye beseni la lita 5 hadi 10 kinatosha. Maji ya kusuuza ya mwisho yatie kijiko cha chakula cha siki nyeupe kwa lita 5, iondoe mabaki ya sabuni na chokaa ya kisima. Jiki isikaribie kabisa. Huigeuza hariri kuwa ya njano, ikikaa huiyeyusha. Jua kali la pwani nalo huipausha na kuikausha nyuzi, hivyo kivuli ni sharti.

Fandesheni kwenye hariri hutoka kwa njia ile ile, ukitumia shampuu au sabuni ya vyombo iliyozimuliwa, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha maji, badala ya kuidondosha kavu. Lipstiki ndiyo mtihani. Baadhi ya lipstiki, hasa zile zinazobadilika rangi zikigusa midomo au kuacha waridi hata baada ya kufutwa, zina rangi za jamii ya eosini, zinazoshikana na protini ya ngozi yenyewe. Hariri ni protini pia. Kwa hiyo doa hilo haliko juu ya uzi tu, limeupaka uzi rangi kama mtia rangi anavyofanya kiwandani. Kwenye poliesta lipstiki hiyo hiyo ingekaa juu na kuondoka na mafuta yake. Ndiyo maana mwenye gauni ghali zaidi anaweza kupata matokeo mabaya zaidi kwa doa lile lile. Ukiona mafuta yameisha kwa kipimo cha tone la maji na waridi bado ipo, umeshafika mwisho wa kazi ya beseni.

Drai klina inafaa kwa hali hizo: hariri iliyobaki na rangi, asetati, gauni linalochuja, gauni lenye vito vya gundi ambavyo spiriti na maji huvibandua, na lenye bitana ngumu na mifupa ya kifuani. Ukilipeleka, uliza kama wana mashine ya kufua kwa kemikali au wanafua kwa maji na kupiga pasi, kwa sababu mtaani kibao cha drai klina huwekwa na wote wawili. Waonyeshe doa, waambie ni fandesheni au lipstiki ya aina gani, na useme kila ulichokwisha kutia. Dobi asiyejua kwamba umeshapitisha spiriti anaweza kuanza na kitu kisichofaa. Na anayekuambia atalitoa kwa petroli au mafuta ya taa, mshukuru uchukue gauni lako. Mafuta hayo yanaweza kuacha duara la njano na harufu isiyoisha, na nyumba za kupanga zimeungua kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Njia ya kupunguza kazi yote hii ni kuvaa gauni kupitia miguuni kabla ya kupakwa, ukafunikwa kanga mabegani saluni mpaka poda ya mwisho ishike. Zipu isipofika chini vya kutosha, mwambie fundi aiongeze kabla ya sherehe.

Kwa aliyekwisha kuchafua, muda ndio kipimo. Gauni la poliesta lililoshughulikiwa kavu, kabla ya siku mbili kupita, kwa sabuni ya vyombo na kidole kisichotembea, kwa kawaida hurudi kama lilivyokuwa. Hariri yenye waridi ya lipstiki iliyobaki baada ya raundi mbili, usiipe ya tatu nyumbani. Ikaushe kivulini, usiipige pasi, ipeleke.